Matriki ya BCG: barafu yangu ni mbwa au ng'ombe? Mtihani ni Ijumaa

BintiChumbageni
Habari za jioni wana Tanga. Ijumaa nina mtihani wa usimamizi wa kimkakati, na kuna swali la mazoezi limenikalisha tangu asubuhi. Kampuni ya mfano iko hapa mjini, ina biashara nne, nazo natakiwa kuzipanga kwenye vyumba vinne vya matriki ya BCG: nyota, ng'ombe wa maziwa, alama ya kuuliza na mbwa. Nawawekea namba, zote ni milioni za shilingi kwa mwaka.

Barafu ya wavuvi: inauza 300, mpinzani mkubwa anauza 250, soko zima ni 1500, linakua kwa asilimia 3.
Maji ya chupa: inauza 420, mpinzani mkubwa 280, soko zima 2000, linakua kwa asilimia 14.
Juisi ya ukwaju: inauza 90, mpinzani mkubwa 360, soko linakua kwa asilimia 18.
Mikate: inauza 120, mpinzani mkubwa 400, soko linakua kwa asilimia 4.

Barafu nimegawa 300 kwa 1500, nikapata asilimia 20. Asilimia 20 ni ndogo na soko halikui, kwa hiyo nimeiweka kwa mbwa na kushauri iuzwe. Maji nayo ni asilimia 21, nimeyaweka kwenye alama ya kuuliza. Mwenzangu tunayekaa chumba kimoja anasema nimekosea barafu na maji pia, ila hawezi kunieleza kwa nini. Nani kakosea?

Waja_Leo
Nimeweka mkeka, nasubiri wenye elimu. Ila barafu kuitwa mbwa sijapata kusikia.

Dogo_Makorora
Dada, mwenzako yuko sahihi. Hapo huangalii asilimia yako ndani ya soko, unaangalia kama wewe ndiye namba moja. Barafu wewe ni namba moja, soko limelala, basi ni ng'ombe wa maziwa. Maji ni namba moja na soko linakimbia, hiyo nyota. Na nyota ndiyo inayoingiza pesa kuliko zote, kwa hiyo chukua pesa ya maji uimwage kwenye juisi. Kazi imekwisha.

Mkufunzi_Mstaafu
Dogo kapiga nusu ya shabaha, nusu nyingine imepita pembeni.

Tuanze na nusu iliyopata. Mstari wa chini wa matriki haupimi sehemu yako ya soko peke yake. Unapima mauzo yako yakigawanywa kwa mauzo ya mpinzani mkubwa kuliko wote. Barafu ni 300 ÷ 250 = 1.2. Maji ni 420 ÷ 280 = 1.5. Juisi ni 90 ÷ 360 = 0.25. Mikate ni 120 ÷ 400 = 0.3. Anayezidi 1 ndiye kiongozi wa soko, na katika soko lolote hawezi kuwa zaidi ya mmoja. Ile asilimia 20 haisemi chochote mpaka ujue wengine wana ngapi. Kwenye soko lenye wauzaji kumi wadogo, asilimia 20 ni ufalme. Mwenzako akiwa na asilimia 60, hiyo hiyo 20 ni unyonge.

Mstari wa kusimama ni kasi ya ukuaji wa soko. Sikiliza vizuri: ukuaji wa soko, si wa mauzo yako. Kwa mazoea mpaka huwekwa asilimia 10. Kwa hiyo barafu ni ng'ombe, maji ni nyota, juisi ni alama ya kuuliza, mikate ni mbwa.

Nusu iliyopotea ni hiyo ya nyota kuingiza pesa kuliko zote. Matriki hii inahesabu fedha taslimu zinazoingia na kutoka, haihesabu faida ya kwenye karatasi. Uongozi wa soko unaleta fedha. Ukuaji unakula fedha: chupa zaidi, gari zaidi, wateja wa kukopesha zaidi. Nyota ina vyote viwili, ndiyo maana mara nyingi inachokipata inakila yenyewe. Fedha ya kulea juisi inatoka kwa ng'ombe, yaani barafu.

Dogo_Makorora
Mwalimu, shikamoo. Nimekubali hapo kwenye nyota. Ila mimi nilifundishwa kwamba hii kitu ni ya McKinsey.

Mkufunzi_Mstaafu
Marahaba. Hapana, herufi zenyewe zinakusuta: BCG ni Boston Consulting Group, ofisi aliyoianzisha Bruce Henderson mwaka 1963. Makala yake fupi kuhusu kapu la bidhaa ilitoka mwaka 1970. Humo hao mbwa wa leo aliwaita wanyama wa kufugwa nyumbani tu, jina la mbwa likashika baadaye. Ya McKinsey ni ile waliyoifanya na General Electric, yenye vyumba tisa.

Mfugaji_Muheza
Samahanini, nimeona ng'ombe wa maziwa nikaingia. Mimi nina watatu wa chotara. Huyo ng'ombe wenu anakamuliwa tu apewe nani maziwa? Ng'ombe hata kama ni mzuri namna gani, ukipunguza pumba na majani kwa wiki mbili, utaona kwenye ndoo. Na ukishamkondesha, kumrudisha si kazi ya wiki mbili. Mnamlisha nini huyo wa mtihani?

Waja_Leo
Mzee kaja na ndoo kabisa 😂 Hapa ng'ombe ni barafu, mzee wangu.

Shangazi_Pongwe
Msimcheke, kawazidi wote mpaka sasa. Mimi nimefanya hesabu za viwanda miaka mingi. Wanafunzi wengi wanaandika «kamua ng'ombe, peleka fedha kwenye alama ya kuuliza» na kuishia hapo. Mtambo wa barafu ukikosa matengenezo, kompresa inakufa, wavuvi wanahamia kwa yule mwenye 250. Tofauti yenu ni 50 tu. Wateja wa 25 wakihama kwenda kwake, mnakuwa 275 kwa 275, uongozi umekwisha. Ng'ombe wa 1.2 ni ng'ombe mwembamba. Henderson mwenyewe hakuwaambia watu wamuue. Alisema fedha inayozidi ile ya kumtunza ndiyo ihamishwe. Andika hilo kwenye mtihani, bibie, na umshukuru mzee wa Muheza.

BintiChumbageni
Ahsanteni sana, na mzee wa Muheza nakushukuru kweli. Sasa swali la pili la zoezi linasema: «Shauri kampuni ifanye nini na kila biashara, kisha ukosoe ushauri wako.» Juisi nimeandika «wekeza». Mikate nimeandika «acha». Hapo kwenye kukosoa nimekwama, naona kila kitu kimekaa sawa.

Ras_Kazone
Kwanza kwenye juisi uliza: wekeza kiasi gani? Tukae na kalamu. Soko linakua asilimia 18. Ili ubaki tu na sehemu ile ile uliyonayo, mauzo yako lazima yatoke 90 yafike kama 106 mwaka wa kwanza. Hapo hujasogea hata kidole, bado uko 0.25. Mpinzani naye akikua na soko, baada ya miaka minne yuko karibu 700. Wewe kutoka 90 kufika 700 kwa miaka minne unatakiwa ukue asilimia 67 kila mwaka, mfululizo, na yeye akutazame tu bila kupunguza bei wala kuongeza gari. Fedha ya kufanya hivyo barafu ya 300 haina. Kwa hiyo alama ya kuuliza haimaanishi wekeza. Inamaanisha amua: ama uingie kwa nguvu zote, ama utoke mapema. Kuingia nusu nusu ndiko kunakozaa mbwa, maana soko likija kupoa utakutwa bado uko 0.25.

Dogo_Makorora
Au achague kipande cha soko. Ukwaju wa mashuleni tu, kwa mfano. Huko anaweza kuwa namba moja.

Mkufunzi_Mstaafu
Dogo umegusa mfupa bila kujua. Ukiruhusiwa kukata kipande mpaka uwe namba moja, basi kila mtu ni namba moja mahali fulani. Na huo ndio ukosoaji mzito kuliko wote wa chombo hiki: jibu linategemea soko umelichora vipi, na matriki yenyewe haikuambii ulichore vipi.

Chukua barafu. Ukisema soko ni barafu ya wavuvi wa Tanga, mpinzani ana 250, wewe ni 1.2, ng'ombe. Ukisema soko ni barafu ya pwani yote mpaka Dar es Salaam, tuseme huko kuna mtu anauza 1500. Sasa wewe ni 300 ÷ 1500 = 0.2. Mtambo ni ule ule, wavuvi ni wale wale, shilingi hazijabadilika, lakini ng'ombe kageuka mbwa na ushauri umegeuka kutoka «tunza» kuwa «acha».

BintiChumbageni
Sasa mwalimu nitajuaje soko sahihi ni lipi?

Nahodha_Sahare
Mimi si msomi, ni mvuvi, ila hilo nalijua. Barafu ya Dar haifiki kwangu. Ni kilomita karibu 350, gari likipita Segera hadi hapa barafu imeshakuwa maji na mafuta umelipa. Ninaponunua nina watu wawili watatu wa kuchagua, na wote nawafikia kabla jua halijapanda. Soko langu ndilo hilo. Mtu wa Dar hata awe na mtambo mkubwa kama meli, bei yake hainihusu.

Ras_Kazone
Nahodha kajibu vizuri kuliko vitini vyetu. Kipimo ni hicho: je, mpinzani akishusha bei kesho, mteja wako atakuhama? Kama ndiyo, yumo kwenye soko lako. Kama barafu yake haiwezi kufika, mwondoe. Kwa maji ya chupa jibu ni tofauti, chupa haiyeyuki. Ya kutoka Dar yanafika hapa na yanauzwa duka moja na ya kwenu. Kwa hiyo ile 1.5 ya maji naitilia shaka kuliko 1.2 ya barafu. Huyo mpinzani wa 280 ni mkubwa wa Tanga tu, au mmehesabu na wale wanaoleta kwa malori?

BintiChumbageni
Swali halijasema.

Ras_Kazone
Basi mwandike mtahini kwamba halijasema, na useme jibu lako litabadilika vipi likiwa hivi au vile. Hapo unapata alama za kukosoa bila kukariri orodha.

Nahodha_Sahare
Niongeze moja. Mbona kuna siku nakwenda na barafu ya nyumbani, ya kwenye friji za kina mama? Wale hamjawaweka popote.

Shangazi_Pongwe
Hao ndio wanaokula soko kimya kimya, Nahodha. Kila mmoja ni mdogo, kwa hiyo kwenye hesabu ya «mpinzani mkubwa» hawaonekani kabisa. Wakiwa mia, ni washindani wa kweli. Matriki inaona jitu moja mbele, haioni siafu.

KibandaMikate
Naomba nami niseme, maana mmepita juu ya mikate kama haina mwenyewe. Mimi nina tanuri Ngamiani, mwaka wa tisa sasa. Kuna kijana wa ushauri aliwahi kunichorea kichoro hicho hicho, akaniambia mikate ni mbwa, funga, baki na keki za harusi. Karibu nifunge. Kilichoniokoa ni mke wangu, akaniuliza: gari litapeleka nini asubuhi? Keki za harusi ni Ijumaa na Jumamosi. Gari, dereva, kibanda na mlinzi vinalipwa siku saba.

Dogo_Makorora
Lakini kama mkate unakula hasara, kaka, unaendelea nao wa nini? Mapenzi?

Shangazi_Pongwe
Dogo, hapo ndipo hesabu za mgawanyo zinapowadanganya watu. Tutumie mikate ya swali la binti, namba za gharama nazitunga mimi.

Mikate inauza 120. Unga, hamira, kuni na mishahara ya waokaji, vitu ambavyo ukifunga vinaisha kweli, tuseme ni 95. Inabaki 25. Halafu mhasibu anaigawia mikate fungu lake la gari, kodi ya jengo na mlinzi: 35. Kwenye taarifa mikate inasoma hasara ya 10. Chora na matriki, inasoma mbwa. Ushahidi mara mbili, kila mtu anasema funga.

Funga sasa. Ile 25 imepotea. Katika ile 35 utaokoa nini? Gari bado linapeleka barafu na maji, jengo ni lile lile, mlinzi yule yule. Labda utaokoa 5 ya mafuta. Iliyobaki 30 inahamia kwenye barafu na maji. Kampuni nzima imekuwa pungufu kwa 20 kila mwaka kwa sababu imefukuza «hasara» ya 10. Na mwaka unaofuata barafu iliyobebeshwa mzigo itaanza kuonekana dhaifu, mtu atashauri nayo iuzwe.

KibandaMikate
Shangazi, umeandika maisha yangu. Na kuna jambo jingine: duka linalochukua mkate alfajiri ndilo linalochukua na vitu vingine. Nikiacha mkate, anayeleta mkate kesho ataleta na keki.

Mkufunzi_Mstaafu
Matriki inachukulia kila biashara kama kisiwa, unaweza kukiuza bila kisiwa jirani kutikisika. Kwa makampuni makubwa ya Marekani ya miaka ya 1970, yenye viwanda visivyojuana, dhana hiyo haikuwa mbaya sana. Kwa kampuni ya gari moja inapotosha.

Na hao mbwa walishapimwa. Mwaka 1982 Hambrick na wenzake walichambua takwimu za biashara nyingi, wakakuta mbwa kwa wastani walikuwa wanaingiza fedha taslimu zaidi ya wanazokula. Soko lililolala halidai mtaji mwingi, na hata mtu wa tatu anaweza kupata riziki humo.

Dogo_Makorora
Sawa, lakini mnakosoa tu. Mimi naitetea. Msingi wake una mantiki: anayezalisha sana anajua kazi, gharama yake inashuka, basi kiongozi ana faida. Kila mwaka gharama inashuka asilimia 20 hadi 30.

Ras_Kazone
Si kila mwaka. Ni kila uzalishaji wa jumla tangu siku ya kwanza unapoongezeka mara mbili. Tofauti ni kubwa. Aliyetengeneza chupa milioni moja anashuka akifika milioni mbili, halafu asubiri mpaka milioni nne. Kwenye soko linalokua asilimia 3 unaweza kusubiri mpaka mjukuu ahitimu. Ndiyo maana mapema, soko linapokua haraka, ndipo inapolipa kugombea uongozi.

Mkufunzi_Mstaafu
Sahihi, na asilimia hizo zilikuwa za bidhaa walizochunguza wao, si sheria ya maumbile.

Nahodha_Sahare
Kwenye barafu sidhani kama ipo. Mwenye mtambo tunayemnunulia analalamika umeme kila siku. Umeme haujui kama wewe ni mzoefu.

Ras_Kazone
Hahaha, hiyo naichukua. Ukiwa 1.2 na mwenzako 0.83, wote mnalipa uniti kwa bei moja, na umeme ndio gharama kubwa ya barafu. Uongozi wenu wa soko hauleti gharama ndogo kama nadharia inavyodai. Kwa hiyo hata barafu kuitwa ng'ombe kuna swali: inaongoza kwa mauzo, lakini je, inaongoza kwa fedha inayobaki? Aliyenunua mtambo mpya unaokula umeme kidogo anaweza kuwa wa pili sokoni na wa kwanza mfukoni.

Dogo_Makorora
Mnaona ninavyoonewa jamani? Naomba basi mnijibu hili: kama ni mbovu hivi mbona bado inafundishwa?

Waja_Leo
Kwa sababu ina picha za wanyama.

Mkufunzi_Mstaafu
Waja_Leo anatania lakini hayuko mbali. Armstrong na Brodie walichapisha jaribio mwaka 1994, watu zaidi ya elfu moja katika nchi kadhaa. Waliwapa miradi miwili ya kuchagua, mmoja una faida waziwazi kwenye namba, mwingine hauna. Walioonyeshwa matriki walielekea zaidi kuchagua ule mbaya, kwa sababu mzuri ulikuwa na sura ya mbwa na mbaya una sura ya nyota. Namba zilikuwa mbele ya macho yao. Jina likashinda namba.

Ras_Kazone
Hapo mwalimu kidogo tutofautiane. Jaribio lile liliwapa watu karatasi na dakika chache. Meneja wa kweli anakaa na biashara miaka. Sidhani linathibitisha kwamba matriki ni mbovu. Linathibitisha kwamba ni mbovu ukiisoma peke yake.

Mkufunzi_Mstaafu
Na wangapi wanaisoma pamoja na kitu kingine, kijana wangu? Nimesahihisha mitihani miaka 20.

Shangazi_Pongwe
Mimi niko na Ras hapo. Hata taarifa ya mapato na matumizi ukiisoma peke yake inapotosha, si mmeona mikate? Na kuna jambo moja wakosoaji wanalisema ambalo kwetu silikubali. Wanasema dhana ya kwamba ng'ombe ndiye amlishe alama ya kuuliza imepitwa na wakati, kampuni itakopa benki au itaita wawekezaji. Huko kwao sawa. Hapa nenda na juisi ya ukwaju ya 90 ukaombe mkopo, uone watakavyotaka hati ya nyumba. Biashara nyingi za hapa zinajilisha zenyewe kweli, fedha ya duka moja inajenga la pili. Kwa hiyo dhana ya Henderson inakaa Tanga kuliko inavyokaa Boston.

KibandaMikate
Shangazi kweli tupu. Keki zangu zilizaliwa na mkate.

Ras_Kazone
Inakaa, ila hatari yake ni kwamba mtoto anayelishwa na nyumbani halazimishwi kuthibitisha chochote. Benki wangeuliza maswali. Ng'ombe haulizi. Nimeona biashara ikinyonya nyingine miaka saba kwa jina la alama ya kuuliza.

Mfugaji_Muheza
Ndama asiyeachishwa ziwa. Nimeanza kuwaelewa sasa.

BintiChumbageni
Jamani nimeandika kurasa nne. Bado moja. Ule mpaka wa asilimia 10 umetoka wapi? Na soko la maji lilikua asilimia 14, hiyo ni lita au shilingi?

Dogo_Makorora
10 ni sheria. Iko kwenye kitabu.

Mkufunzi_Mstaafu
Si sheria, ni mazoea. Wengine hutumia wastani wa ukuaji wa masoko yote ya kampuni. Kwa namba zako ni 3, 14, 18 na 4, jumla 39, wastani karibu 9.8, kwa hiyo hapa haibadilishi kitu.

Shangazi_Pongwe
Swali la lita au shilingi ni zuri kuliko la mpaka. Ukuaji wa asilimia 14 kwa shilingi, kama bei ya chupa ilipanda asilimia 9, ukuaji wa lita ni kama asilimia 4 na nusu tu. Gawa 1.14 kwa 1.09 uone. Soko hilo halikimbii, limevaa viatu virefu. Maji yanashuka kutoka nyota kuwa ng'ombe.

Ras_Kazone
Shangazi, lakini fedha ya kununua bidhaa nayo imepanda kwa shilingi. Kama tunahesabu fedha taslimu, kwa nini tutoe kupanda kwa bei? Stoku na madeni ya wateja yanakula shilingi, hayali lita.

Shangazi_Pongwe
Stoku sawa. Mashine hapana, mashine inanunuliwa kwa sababu ya lita. Hatutamaliza hapa.

Mkufunzi_Mstaafu
Mimi ningetumia lita nikasema hivyo waziwazi. Ila nisingemnyima alama aliyetumia shilingi akaeleza sababu.

Waja_Leo
Na duara je? Nakumbuka mwalimu wetu alikuwa anachora maduara makubwa na madogo, sisi tukidhani ni mapambo.

Ras_Kazone
Ukubwa wa duara ni mauzo. Maji ya 420 liwe kubwa kuliko yote, juisi ya 90 dogo. Na binti, mstari wa chini uongozi unakaa kushoto, wengi wanageuza. Skeli yake si ya rula. Kutoka 2 hadi 1 ni umbali sawa na kutoka 1 hadi 0.5, maana vyote ni mara mbili. Ukichora kwa rula, wanyonge wote watabanana upande mmoja na viongozi watatawanyika.

BintiChumbageni
Hiyo nilikuwa nimekosea kabisa, 1.2 nilikuwa nimeiweka kulia. Ahsanteni, nakwenda kuchora upya.

Nahodha_Sahare
Kila la heri mwanangu. Mwenye namba ya fundi kompresa anitafute, yule wa 250 mtambo wake umezima tangu jana na foleni kwa yule mwingine haifai.

Waja_Leo
Kumbe leo sehemu yake ya soko ni sifuri. Ng'ombe wetu kanenepa.

Shangazi_Pongwe
Kwa siku mbili, Waja_Leo. Usichore matriki kwa siku mbili.

BintiChumbageni
Wapendwa, nimerudi, leo Ijumaa saa nane mchana. Limekuja! Ila kampuni ilikuwa ya sabuni, mauzo 500, mpinzani mkubwa 500, soko linakua asilimia 10. Nimekaa dakika tano namtazama msimamizi.

Dogo_Makorora
😂😂 Nyota hiyo. Ukifika kwenye mpaka umevuka.

Ras_Kazone
Mpaka ni mpaka, hujavuka. Mimi ningeita mbwa, maana na uongozi hauna.

Mkufunzi_Mstaafu
Umeandika nini?

BintiChumbageni
Nimechora duara katikati ya msalaba, nikaandika kwamba kwa namba hizi matriki haina la kusema, halafu nikauliza kuhusu bei, lita na gharama za pamoja. Mwenzangu wa chumba ameandika ng'ombe. Tumegombana njia nzima mpaka stendi.